Je, Wajua? Mwigizaji aliyetoka karakana

Mtu wa Ijumbi anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kwenda sokoni ataielewa "Wezi wa Baiskeli" hata bila tafsiri. Katika filamu hiyo ya 1948, baba wa Roma anapata kibarua cha kubandika matangazo ukutani, kisha siku ya kwanza tu baiskeli inaibwa. Bila baiskeli, hana kazi.

Tajiri wa filamu wa Marekani alikuwa tayari kutoa fedha iwapo nyota Cary Grant angeigiza. Mwongozaji Vittorio De Sica alikataa, akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani, akamtembeza katika mitaa halisi. Filamu ilipovuma, Maggiorani alirudi kiwandani. Punde akapunguzwa kazini.