Vyeti Vitatu Kabla ya Ijumaa

“Ndugu mwombaji, nyaraka zako hazijakamilika. Tafadhali kamilisha haraka iwezekanavyo.” Ofisi nyingi za Tanzania hutuma maneno kama haya kwa watu ambao tayari wamepita mchujo na wanasubiri kuitwa kwenye usaili. Mwombaji akiyasoma hufungua faili lake, akaona cheti cha kuzaliwa kimo, cha kidato cha nne kimo, cha chuo kimo. Hajui kinachopungua, basi anatuma vyote upya kama vilivyokuwa. Ofisini zinapokelewa karatasi zilezile, na afisa anamwandika kuwa mzembe.

Mara nyingi si uzembe. Karatasi aliyotuma inafanana sana na inayotakiwa. Mtoto akizaliwa hospitalini mzazi hupewa tangazo la kizazi, na wapo wanaolihifadhi miaka ishirini wakiamini ndilo cheti, ilhali cheti cha kuzaliwa hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Mambo ni hayohayo kwenye matokeo ya kidato cha nne. Mhitimu hupata hati ya matokeo kabla ya cheti chenyewe cha Baraza la Mitihani, NECTA, na kwa kuwa hati hiyo ina alama zote, huona imetosha. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamekuwa yakirudia kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, wala matokeo ya muda ya vyuo. Hata hivyo zinaendelea kutumwa.

Ukali huo una historia. Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyoonyesha kuwa watumishi wa umma 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Baada ya hapo hakuna afisa ajira anayetamani kuonekana amepitisha karatasi yenye shaka. Lakini kuwa mkali hakumzuii mtu kueleza anachotaka.

Tuchukue mfano. Kampuni moja ya usafirishaji jijini Dar es Salaam inatafuta mhasibu msaidizi, na miongoni mwa waliochaguliwa kwa usaili yupo mwanamke mwenye stashahada ya uhasibu. Cheti chake cha stashahada kipo na hakina tatizo. Alichoambatisha zaidi ya hapo ni tangazo la kizazi, hati ya matokeo ya kidato cha nne na kitambulisho chenye jina la ukoo la mumewe, wakati cheti cha chuo kina jina la babake. Ujumbe unaomfaa ungesomeka hivi:

“Ndugu mwombaji, kumbukumbu namba 27, nafasi ya Mhasibu Msaidizi. Umechaguliwa kufanya usaili Jumatatu, Agosti 31, 2026. Cheti chako cha stashahada tumekipokea na kimekubaliwa, usikitume tena. Tunaomba nyaraka tatu zifuatazo.

1. Cheti cha kuzaliwa cha RITA. Ulichotuma ni tangazo la kizazi.

2. Cheti cha kidato cha nne cha NECTA. Ulichotuma ni hati ya matokeo.

3. Hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kwa kuwa jina la mwisho kwenye kitambulisho halifanani na lililo kwenye cheti cha stashahada.

Tuma nakala zilizothibitishwa na wakili, kila moja katika faili lake la PDF, kwa kujibu barua pepe hii, kabla ya saa 9:30 alasiri (15:30), Ijumaa, Agosti 14, 2026. Kama kuna hati ambayo bado unaifuatilia, tuma kabla ya muda huo uthibitisho kwamba umeiomba. Vyeti halisi utakuja navyo siku ya usaili. Hakuna malipo yoyote.”

Kinachobeba ujumbe huu ni zile sentensi fupi za “ulichotuma ni”. Zinamwambia mwombaji kwamba karatasi yake ilifunguliwa na kusomwa, na zinamwonyesha tofauti asiyoijua. Ukizifuta, orodha inabaki na majina ya vyeti ambavyo yeye anaamini ameshavituma. Kumtajia kilichokubaliwa nako kunaokoa kazi, maana bila hivyo ataenda tena kwa wakili kugonga muhuri juu ya nakala ambayo haina kasoro.

Kuhusu muda, ofisi nyingi hukosea kwa kupanga tarehe inayowafaa wao. Hati tatu hizi hazipatikani kwa mwendo mmoja. Cheti cha NECTA huenda kimelala shuleni alikosoma, hajawahi kwenda kukichukua. Kama shule iko mkoani, hiyo ni safari. Cheti cha kuzaliwa kwa mtu mzima ambaye hakusajiliwa utotoni kinahitaji ushahidi wa kuzaliwa kwake na kinapita mikononi mwa ofisi nyingine. Hati ya jina hupita kwa wakili kisha kwenye usajili. Kumpa mtu siku mbili kwa haya yote ni kumwondoa kwenye usaili bila kusema hivyo. Ujumbe wa mfano, ukitumwa Jumatatu ya Agosti 3, unampa takriban wiki mbili, na ule mlango wa “uthibitisho kwamba umeiomba” unamtenganisha aliyekaa kimya na yule ambaye stakabadhi yake inaonyesha yuko kwenye foleni. Aliyepoteza cheti kabisa naye aingie mlango huohuo akiwa na taarifa ya polisi ya upotevu.

Saa iandikwe kwa namna zote mbili, ya Kiswahili na ya tarakimu 24. Anayesoma “saa 9:30” kwenye simu iliyopangwa kwa saa za Kizungu anaweza kudhani ni asubuhi. “Saa 6:00 usiku wa Ijumaa” ni mtego mbaya zaidi: wengine huelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, wengine usiku wa kuamkia Jumamosi, na kati yao kuna siku nzima. Heri muda uishe alasiri, wakati bado yupo mtu ofisini wa kupokea simu.

Aliyesoma nje huhitaji mstari wa ziada. Mwenye cheti cha sekondari cha Kenya au Uganda hutakiwa kupata ulinganifu kutoka NECTA, na mwenye shahada ya nje huenda Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Orodha ikiandika “cheti cha kidato cha nne” tu, atatuma alichonacho na ataambiwa tena kwamba hakijakamilika.

Ofisi nayo ijizuie isiombe kila kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi, nazo ziwe zile zinazohitajika kwa lengo hilo. Cheti cha ndoa hakina kazi pale ambapo hati ya jina imeshaeleza kila kitu, na taarifa za benki hazina nafasi kwa mtu ambaye hata hajasailiwa.

Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu hubeba herufi 160, kwa hiyo orodha kamili haienei humo. Utumike kumshtua tu: fungua barua pepe yako, nyaraka tatu, mwisho Ijumaa Agosti 14. Matapeli nao hutumia njia hiyohiyo kuomba “ada ya usaili”, na ndiyo sababu namba ya kumbukumbu na kauli ya kutokuwepo malipo hazipaswi kukosekana.

Nyaraka zikifika, jibu litaje kila moja kwa jina: cheti cha kuzaliwa kimepokelewa na kinasomeka, cha kidato cha nne kimepigwa picha pembeni na muhuri haumo, kitumwe upya kabla ya saa ileile, stakabadhi ya hati ya jina imepokelewa, hati yenyewe iletwe Agosti 31.