Mzigo ulioungua unahesabiwaje?

Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, watu walibaki wakiuliza chanzo cha moto. Mfanyabiashara mwenye bima huwa na swali jingine, na hilo huulizwa na mtu atakayefika na kalamu majivu yakiwa bado ya moto: ndani mlikuwa na mzigo wa shilingi ngapi?

Mtu huyo ni mkadiria hasara, anayetumwa na kampuni ya bima kupima madai. Hawezi kuhesabu kilichokuwa majivu, na hatakubali tu neno la mwenye duka. Ila mzigo wa dukani huingia kwa ankara na kutoka kwa risiti, na kwa kufuata nyayo hizo anaweza kujua kwa karibu sana kilichokuwa ndani siku ya moto.

Tuchukue duka la kubuni la vitenge Dar es Salaam, lililoungua katikati ya Agosti. Tarehe 1 Januari mzigo ulihesabiwa, ukawa na thamani ya shilingi milioni 48 kwa bei ya kununulia. Kuanzia hapo hadi siku ya moto ulinunuliwa mzigo mwingine wa milioni 130. Kwa hiyo milioni 178 zilipita mlangoni kuingia. Kilichotoka kinaonekana kwenye mauzo, milioni 160, lakini mauzo yako kwa bei ya mteja, na mzigo uko kwa bei ya jumla. Lazima faida iondolewe kwanza, na kazi nzima iko hapo.

Faida inayotumika inaitwa faida ghafi: mauzo ukitoa bei ya kununulia, kabla ya pango, umeme na mishahara ya wauzaji. Hesabu za miaka iliyopita zinaonyesha duka hili likibakiza wastani wa asilimia 25 ya mauzo. Basi katika kila shilingi 100 iliyoingia, shilingi 75 ilikuwa gharama ya kitambaa chenyewe. Asilimia 75 ya milioni 160 ni milioni 120. Toa hizo kwenye milioni 178, unabaki na milioni 58. Huo ndio mzigo uliokuwepo.

Wengi hukosea hapa kwa sababu dukani faida hutajwa kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia. Kitenge cha 12,000 kikiuzwa 16,000, mwenyewe atasema anaweka theluthi juu. Kwa lugha ya hesabu za bima hiyo hiyo ni asilimia 25, kwa kuwa 4,000 ni robo ya 16,000. Mtu akijichanganya na kuongeza asilimia 25 juu ya bei ya kununulia, gharama ya mauzo inapanda hadi milioni 128, na mzigo wake unashuka hadi milioni 50. Kajipunja milioni 8 kwa mkono wake, na hakuna atakayemrudishia asipoliona.

Sasa faida yenyewe haitulii. Duka likiwa limetupa vitenge vya mtindo uliopita kwa bei ya kununulia ili vitoke, na vikaleta milioni 10, mauzo hayo hayakuwa na faida yoyote. Mkadiria makini huyatenga: milioni 150 za kawaida anazikata robo, na milioni 10 anaziacha zilivyo. Gharama inakuwa milioni 122.5 na mzigo milioni 55.5. Vilevile, mama mwenye duka akichukua majora mawili kwa harusi ya mdogo wake, yameondoka bila kupita kwenye risiti, na yanapaswa kutolewa kwa bei ya kununulia. Mzigo uliokuwa bado bandarini siku ya moto nao hutolewa hata kama ankara yake iko kwenye faili, maana haukuungua. Uliokuwa umeshafika dukani unaingia, hata kama haujalipiwa.

Mambo yanakuwa magumu pale vitabu vinapokuwa na siri. Tuseme mauzo halisi yalikuwa milioni 200, lakini milioni 40 ziliuzwa bila risiti. Kwa karatasi, mzigo bado unaonekana milioni 58. Kwa kweli ni milioni 28 tu, maana gharama ya milioni 200 ni milioni 150. Hapo milioni 30 za hewa zinadaiwa. Mkadiria huligundua kwa njia mbili. Kwanza anapima chumba: rafu ngapi, urefu gani, jora moja linachukua nafasi kiasi gani, je, mzigo wa milioni 58 ungeingia humo? Pili anatazama faida iliyoonekana miaka iliyopita. Kama mwenye duka amekuwa akificha mauzo kila mwaka, na mzigo wa mwisho wa mwaka ulihesabiwa kweli, faida yake ya vitabuni itakuwa kama asilimia 6, si 25. Ukitumia hiyo 6, gharama ya milioni 160 inakuwa milioni 150 na kidogo, na mzigo unarudi karibu na milioni 28. Njia hii hujisahihisha yenyewe, mradi asilimia itoke kwenye vitabu vya duka lile lile.

Mradi pia, nasisitiza, mzigo ulihesabiwa kweli. Kwenye maduka mengi hesabu ya mwisho wa mwaka hubuniwa na mhasibu ili hesabu za kodi zikae sawa. Huo mzigo wa Januari ukiwa wa kubuni, wa Agosti nao ni wa kubuni. Ndiyo maana mkadiria anaomba karatasi za kuhesabia zenyewe, zile zenye mwandiko wa vijana wa stoo, badala ya tarakimu moja ya mwisho. Upande wa mauzo ana msaada mkubwa zaidi: mashine ya EFD inaweza kuyeyuka, lakini taarifa zake zilishatumwa TRA. Ankara za manunuzi zinapatikana kwa wauzaji wa jumla. Manunuzi yasiyo na ankara ndiyo yanayomuumiza mdai, kwa kuwa mzigo uliingia na karatasi inasema haukuingia. Na duka lililosajiliwa VAT huhesabu kila kitu bila kodi hiyo.

Mwisho huondolewa mabaki. Maji ya zimamoto yaliharibu mengi, lakini majora ya chini yaliungua pembeni tu na yanauzika kwa bei ya kutupa, jumla milioni 6. Hasara ni milioni 52.

Lakini duka lilikatiwa bima ya milioni 40 tu. Bima nyingi za moto zina sharti kwamba aliyekata pungufu hubeba sehemu yake: hulipwa hasara mara 40 gawanya kwa 58, yaani milioni 35.9. Ona kinachotokea ukipigania thamani kubwa zaidi. Mzigo ukithibitishwa kuwa milioni 66, hasara ni milioni 60, lakini mgawanyo nao unapungua, na malipo yanakuwa milioni 36.4. Ukishuka hadi milioni 50, ni milioni 35.2. Mabishano ya milioni 16 yanabadilisha malipo kwa milioni 1.2 tu. Kwa bima ya milioni 66, tofauti hiyo hiyo ingelipwa yote.