Rudisha Kadi ya Suica Kabla ya Kupanda Ndege

Anayenunua kadi ya kawaida ya treni ya Suica jijini Tokyo huweka amana ya yeni 500. Siku za kuondoka zikifika, huirudisha kwenye ofisi ya tiketi ya JR East, kampuni iliyoitoa. Ukifika nayo Osaka, umechelewa, maana huko hawaipokei. Karani hukata ada ya yeni 220 kwenye salio, lakini amana haiguswi. Mwenye salio la yeni 1,000 hurudishiwa 780 pamoja na amana, jumla 1,280. Aliyebakiwa na 150 hupewa 500 tu, kwa kuwa salio lote huishia kwenye ada. Basi nunua maji au mkate kituoni, umalize salio, ndipo urudishe kadi.