Banki haiwezi kujiuzishia nyumba yako: nini cha kufanya kama huisie anapiga hodi

Siku huisie anafika ku lango, mara nyingi baba wa nyumba hayuko. Iko Kolwezi ao Fungurume, ku kazi ya zamu, na atarudi kisha majuma mawili. Ni mama anapokea karatasi, anaiweka juu ya kabati, anangojea baba arudie. Hapo ndipo siku zinaanza kupotea.

Karatasi ile inaitwa komandema. Si barua ya kukumbusha deni kama zile banki inatumaka. Ni hatua ya kwanza ya kukamata nyumba. Kuipokea na kutia sahihi haina maana ya kukubali deni, ni kusema tu kama imefika. Na kuikatala haisimamishe kitu. Basi mama, soma tarehe, na upigie baba simu siku ile ile.

Mu Lubumbashi tunasikia sana neno hili: «Ulitia sahihi ku notere, banki iko na haki ya kuuzisha wakati inapenda.» Si kweli, lakini tunajua lilitoka wapi. Zamani mikataba ya mikopo mu inchi yetu iliandikaka kifungu kinaitwa vwa pare: mwenye deni alikubali mbele kwamba kama hakulipa, banki itauzisha nyumba bila kupita njia ndefu ya tribinali. Tarehe 12 mwezi wa 9, 2012, Kongo iliingia mu sheria za OHADA. Kifungu cha 246 cha sheria ya OHADA juu ya kukamata mali kinasema kama mukopeshaji hawezi kuuzisha nyumba ya mwenye deni bila kufuata hatua zenye sheria imeweka, na mapatano yote ya kupinga hayo ni bure. Kwa hiyo hata kama sahihi yako iko chini ya kifungu cha vwa pare, kifungu hicho hakina nguvu.

Kuna ukingo mwingine. Mikataba mingine inaandika kwamba deni likishindikana, nyumba itakuwa ya banki yenyewe. Sheria ya OHADA juu ya dhamana, ya 2010, inakubali jambo hilo paka kwa kampuni ao kwa mutu aliyeandikwa mu rejista ya biashara, na tena kama nyumba si ya kulala watu. Nyumba yenye unakaa na watoto wako haiingie humo. Banki inapashwa kuipeleka ku munada.

Lakini tusidanganyane. Ipoteke ya notere yenye kuwa na muhuri wa kutekeleza iko na nguvu kama hukumu. Banki haina lazima ya kukushitaki kwanza juu ya deni. Inaanza moja kwa moja na komandema.

Tuseme baba mmoja wa Katuba alikopa dola 20,000 kwa kununua kamio ya kubeba mawe ya mgodi. Alitoa sertifika danrejistrema ya lopango yake, na ku notere waliandika kama nyumba iko na bei ya dola 40,000. Kontra na kampuni ikaisha, kamio ikasimama. Deni lililobakia ni dola 12,000, pamoja na faida.

Komandema inampatia siku 20 za kulipa. Kama hakulipa, huisie anaipeleka kwa konservateri wa vyeo vya nyumba, na kuiandika mule ndiko kukamata kwenyewe. Kisha hapo hawezi tena kuuza nyumba ao kuiweka rehani kwingine. Ona vile siku zile 20 ziko na bei. Ndani yake angali anaweza kutafuta munuzi yeye mwenyewe, kupatana na banki, kuuza tuseme dola 35,000, kulipa deni na kubakia na kitu cha kununua lopango ndogo. Banki nyingi zinapenda hivyo kuliko kukaa ku tribinali. Mutu anayengojea munada anaingia mu hesabu ingine kabisa: sheria ya 1998 ilisema bei ya kuanzia isipungue robo ya bei ya nyumba. Robo ya 40,000 ni 10,000. Hiyo ni bei ya kuanzia, watu wanaweza kupandisha, lakini kama siku ile hawakuje wengi, nyumba inaenda na chini ya deni, na deni lililobakia linaendelea kumufuata.

Kama siku 20 zimepita, jambo halijaisha. Avoka wa banki anapashwa kuweka ku grefe kitabu cha masharti ya munada, chenye kueleza nyumba, deni na bei ya kuanzia. Mwenye nyumba anapokea karatasi ya pili, ya kumuita asome kitabu hicho na kuandika malalamiko yake. Kuna kikao cha juji juu ya malalamiko hayo, na yanapashwa kuandikwa siku tano mbele ya kikao, yakichelewa hayapokelewe. Ni hapa tunaona watu wengi wanaanguka. Wanaenda kuomba huruma ku biro ya banki, wanapewa maneno matamu na ahadi, kumbe ku grefe siku zinahesabika. Enda ku banki kama unataka, lakini avoka wako awe ku grefe.

Kitu gani cha kuandika? Mara nyingi ni hesabu: borderó za malipo zenye banki haikuingiza, ama faida iliyopanda bila mutu kuelewa. Tena bei: kama ku notere waliandika 40,000, banki haiwezi kuanzia 5,000. Tena sahihi ya bibi. Sheria ya familia, kifungu cha 499, inadai mapatano ya mume na bibi kwa kuweka nyumba rehani, hata ndoa yao iko ya namna gani. Mama yenye hakuulizwa, jambo hilo ni lake mwenyewe kulipeleka mbele ya juji. Lakini achunguze kwanza vizuri ile karatasi yenye bwana alimupatia atie sahihi «ya kazi».

Munada ukiisha, sheria ile ya 1998 iliacha siku 10 za mutu yeyote kuongeza bei kwa sehemu moja ya kumi, na munada unarudiliwa. Nyumba ikienda na 18,000, ndugu ama jirani anaweza kuja na 19,800. Na chenye kinapita deni na gharama ni cha mwenye nyumba, si cha banki.

Sheria hiyo ilitengenezwa upya Kinshasa tarehe 17 mwezi wa 10, 2023, na mupya inatumika tangu mwezi wa 2, 2024. Kwa karatasi ya leo, avoka ahesabu siku na bei kwa maandiko mapya.

Yote haya ni ya mutu mwenye kuwa na ipoteke. Wengi wetu mu Kenya na Katuba hawana sertifika, wako na karatasi ya komini tu, basi wanakimbilia Banki Lamberi. Yeye hakuandikishe ipoteke. Anakutiisha sahihi ku karatasi ya kuuza nyumba, tarehe inaachwa wazi, na anakuambia ni ya kulinda tu. Siku deni linashinda, anaandika tarehe na anakuja kama munuzi. Hakuna komandema, hakuna siku 20, hakuna munada, na kazi ya kuonyesha juji kama hukuuza, ulikopa tu, inabakia kwako. Kama umekwisha kutia sahihi ya namna hiyo, chunga ujumbe wa simu, karatasi za falanga ulizomurudishia kila mwezi, na majina ya watu walioona. Munuzi wa kweli hapokeake malipo ya kila mwezi kutoka kwa yule aliyemuuzia.