Bei Zikifanana, Ni Nani Anayemtazama Nani?

Mwanafunzi wa kidato cha tano huko Tanga ameniandikia swali ambalo limenikaa kichwani wiki nzima. Mwalimu wao wa uchumi amewachorea jedwali la aina nne za soko, na pembeni mambo manne ya kulinganisha: wauzaji ni wangapi, mgeni anaingiaje, bidhaa zinafanana au la, na nani anapanga bei. "Nimelikariri lote," anasema, "ila kuna jambo sielewi. Kampuni moja ya simu ikishusha bei ya bando, siku chache baadaye na wenzake wanashusha. Hawa wanashindana au wameshakubaliana?"

Jedwali sitalirudia hapa, analo tayari. Nitampa swali moja tu la kumuuliza muuzaji yeyote: kesho ukipandisha bei peke yako, nini kitatokea?

Tuanzie Ilula, mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ya kwenda Morogoro, ambako nyanya hupangwa kandokando kwa matenga. Mkulima akipandisha bei ya tenga peke yake, mnunuzi wa lori atasogea hatua mbili hadi kwa jirani. Nyanya ni nyanya. Wakulima ni wengi, na yeyote mwenye kashamba, mbegu na fedha ya dawa anaweza kuingia msimu ujao. Kwa hiyo mkulima haipangi bei, anaikuta. Vitabu vyetu huliita hili soko la ushindani kamili, na ukamilifu wake mkulima anausikia mfukoni.

Msusi wangu wa Magomeni naye akipandisha bei, baadhi ya wateja watahama na wengine tutabaki. Wasusi wapo kila mtaa, na kufungua saluni hakuhitaji mtaji mkubwa, lakini mkono wake katika twende kilioni haufanani na wa mwingine. Hiyo tofauti ndogo ndiyo inayompa uhuru mdogo wa bei. Wanafunzi hulikuta soko hili likiitwa ushindani wa kiukiritimba, jina linalotisha kuliko jambo lenyewe.

Kwa umeme wa TANESCO jibu ni fupi zaidi. Bei ikipanda, wengi wetu hatuna nguzo nyingine ya kuhamia, kwa kuwa hakuna anayeweza kusimamisha nguzo na nyaya za pili mtaa kwa mtaa. Huo ni ukiritimba. Na kwa sababu hiyohiyo shirika haliachiwi kujipangia, bali bei zake hupitia EWURA.

Sasa kaiulize kampuni ya simu swali lile. Jibu lake ni neno moja: inategemea. Inategemea yule mwingine atafanya nini. Mkulima wa Ilula hakusema hivyo, msusi hakusema hivyo, wala TANESCO haina wa kumtegemea. Hapa tu ndipo bei ya mmoja haiwezi kupangwa bila kukisia mawazo ya mwingine, na hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Kwanza jina. Wengi huandika "oligopoli", neno lisilomwambia kitu mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. Nimeona pia "ukiritimba wa wachache", nami silipendi, maana mkiritimba ni mmoja, na wakishakuwa watatu mambo hubadilika kabisa. "Soko la wachache" ni afadhali, lakini linahesabu vichwa tu. Wauzaji wanaweza kuwa wachache kijijini na kila mmoja akaishi kivyake. Kinacholifanya soko hili liwe lilivyo ni ile "-ana" ya mwisho wa vitenzi vyetu, inayobeba jambo la huku na kule kwa pamoja. Nilijaribu "kutazamana", nikaona ni kupole mno. Kisha nikamsikia mtangazaji wa mpira akisema kuhusu timu mbili zilizokuwa zikipiga pasi katikati ya uwanja, kila moja ikiogopa kupanda mbele na kuacha mgongo wazi: "Wanaviziana." Ndilo hilo. Mimi naliita soko la kuviziana.

Aliyewahi kukaa barazani akitazama wazee wakicheza bao atalielewa upesi. Kete ni sitini na nne na zote ziko wazi juu ya mbao. Hakuna karata ya kuficha, hakuna dadu la bahati. Mchezaji anaposhika kete mkononi, hasomi upande wake tu. Anasoma akitia hapa atakula nini, kisha mwenzake atajibu kwa kutia wapi, kisha yeye mwenyewe atabaki na nini. Mara nyingi mtaji unaokula kete nyingi sasa hivi ndio unaoacha mashimo yako yakiliwa baadaye, na mzee mjuzi ataona kete tano za bure akaziacha. Mgeni atadhani mzee amechoka. Naye hakuchoka, amehesabu. Tena katika bao kuna shimo liitwalo nyumba, linalojaa kete ambazo mwenyewe hataki kuzimwaga kabla ya wakati. Bei ya juu katika soko la kuviziana ni kama nyumba hiyo. Kila mmoja anafaidika kwa kuwa ipo, na kila mmoja anaogopa siku mwenzake atakapoishambulia.

Tuhesabu basi kama wazee. Chukua kampuni mbili za kubuni, kila moja ina wateja 100. Bando la wiki ni shilingi 1,000, na kumhudumia mteja kunagharimu 400. Kila kampuni inabakiwa na 600 kwa kila mteja, jumla 60,000 kwa wiki. Ya kwanza ikishusha hadi 800 na ya pili ikalala, tuseme wateja 60 wanahama. Sasa ya kwanza ina wateja 160, kila mmoja akiacha 400, jumla 64,000. Imeongeza 4,000. Lakini ya pili haitalala, maana imebaki na wateja 40 na faida ya 24,000. Itashusha pia hadi 800, wateja watarudi kwao, na kila kampuni itakuwa na wateja wake 100 wanaoacha 400 kila mmoja, yaani 40,000. Aliyeanza amevuna 4,000 za ziada kwa muda mfupi, kisha anapoteza 20,000 kila wiki.

Na kupandisha? Kampuni moja ikipandisha kutoka 1,000 hadi 1,200 na mwenzake akabaki pale pale, wateja 60 wanaondoka. Waliobaki 40 wanaacha 800 kila mmoja, jumla 32,000. Kwa hiyo ukishusha unafuatwa, ukipanda unaachwa peke yako. Mwaka 1939 mwanauchumi Mmarekani Paul Sweezy alilieleza jambo hili, na ndiyo sababu bei katika masoko haya huweza kukaa mahali pamoja muda mrefu bila mtu yeyote kumpigia mwenzake simu. Kweli, hesabu hii haisemi ile 1,000 ilitoka wapi, na mwaka 1947 George Stigler alionyesha viwanda ambavyo kupanda kwa bei nako kulifuatwa. Lakini woga wenyewe ni wa kweli.

Tazama pia kilichoamua kila kitu katika hesabu ile: muda kati ya kushusha na kujibiwa. Mwenzako akichelewa miezi sita kugundua, zile 4,000 za kila wiki zinakuwa fungu la maana. Akigundua kesho asubuhi, hazifiki mbali. Na bei za bando ziko kwenye menyu ya simu, mfanyakazi wa kampuni pinzani anahitaji laini moja tu kuzisoma. Kete zote ziko juu ya mbao. Bei kuwa wazi humsaidia mteja kulinganisha, na papo hapo humsaidia kila kampuni kumchunga mwenzake. Mimi hili bado hunishangaza kila nikilifikiria.

Mbona basi vita vya bei hutokea? Kenya, Agosti 2010, kulikuwa na mitandao minne: Safaricom, Zain, Orange na Yu. Safaricom ilikuwa na wateja wengi kuliko wengine wote kwa pamoja. Ukipiga simu kwenda mtandao mwingine, mtandao wako unaulipa ule mwingine kwa kuipokea, na ada hiyo ilikuwa shilingi 4.42 za Kenya kwa dakika. Mteja wa Zain, kwa kuwa jamaa zake wengi wako Safaricom, alikuwa akipiga nje mara nyingi. Kumtoza shilingi 3 kungekuwa kulipa senti 142 kutoka mfukoni kwa kila dakika ya namna hiyo. Ndipo Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikaipunguza ada kwa nusu, hadi 2.21. Zain, iliyokuwa imenunuliwa mwaka huohuo na Bharti Airtel ya India, ikatangaza shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. Sasa kwa dakika ya kwenda nje zilibaki senti 79 za kulipia minara, mishahara na kodi. Ni kidogo sana, lakini si hasara ya papo hapo. Wenzake wakashusha nao muda mfupi baadaye.

Kwa nini aanze mdogo? Rudi kwenye hesabu yetu, ila mmoja awe na wateja 20 na mwingine 180. Bei ikishuka kwa 200, mdogo anaacha 4,000 na mkubwa anaacha 36,000. Mdogo hana nyumba kubwa ya kulinda, kwa hiyo anathubutu. Lakini akishajibiwa, naye ndiye mwenye akiba ndogo ya kungojea. Yu iliondoka sokoni mwaka 2014. Wateja wake walikwenda Airtel, miundombinu yake ikaenda Safaricom. Na anayetaka kuchukua nafasi yake anahitaji leseni, masafa ya redio na minara mingi. Ndiyo maana wanabaki wachache.

Kwa mwanafunzi wa Tanga, basi: wanaweza kufuatana bila kukubaliana. Wakikutana na kupanga bei, hiyo ni njama, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaikataza nchini Tanzania. Kutazama menyu ya mwenzako hakukatazwi.

Ila usiione bei moja kwa wauzaji wawili ukasema umelipata soko la kuviziana. Kule Ilula matenga mawili jirani yana bei moja kwa sababu hakuna mkulima mwenye nguvu juu yake. Na ukisimama mjini Tanga kati ya vituo viwili vya mafuta vinavyotazamana, ukakuta petroli ina bei ileile hadi shilingi ya mwisho, kabla ya kutafuta njama kumbuka kwamba EWURA hutangaza bei kikomo ya petroli kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila eneo. Muulize mwenye kituo kesho akishusha shilingi hamsini peke yake nini kitatokea. Akikuelekeza macho ng'ambo ya barabara kabla ya kujibu, hapo ndipo uandike kwenye daftari lako.