Dakika 30 za kujua mwendo wako

Mwenzetu mmoja hapa Kolwezi anaendesha bene kubwa ya mugodi. Ana miaka 41, na kila siku ya mapumziko anakimbia. Mwaka jana, muke wake alikuja kutuuliza: "Ninyi wenye kumupa mbio, munamufanya nini? Papa anarudia nyumbani, anaanguka ku kiti na viatu mu miguu, halafu saa mbili ya usiku anapanda bene." Tukaona aibu. Mutu mwenye kusinzia nyuma ya usukani wa mashine ya tani mingi, ile si maneno ya michezo tena.

Tukamuuliza anakimbia namna gani. Akasema: "Polepole tu." Tukaangalia saa yake ya mukono: kilometa moja kwa dakika 5 na segonde 10, moyo unapiga mara 165 kwa dakika. Ile ni polepole ao ni nguvu? Hapo njo tulikwama, juu hatukujua mupaka wake uko wapi.

Mupaka gani? Wakati unakimbia, misuli inatoa kitu kinaitwa laktate, na mwili unakitumia tena. Ukizidisha mwendo, inafika pahali inatoka mingi kuliko ile mwili unaweza kumaliza. Kuanzia pale pumzi inakatika, maneno mu kinywa yanakuwa moja moja, na hutakawia kusimama. Mutu mwenye kuzoea mbio anaweza kushikilia mwendo wa ku mupaka ule karibu saa moja, hapana zaidi sana. Ku laboratware wanakupandisha ku mukanda wa kukimbilia, wanazidisha mwendo kidogo kidogo, kila mara wanatosha tone la damu ku kidole ao ku sikio. Ni kazi nzuri, lakini inaomba feza na safari.

Kuko njia ingine, ile mwalimu wa Amerika Joe Friel alifundisha watu wengi: ukimbie peke yako dakika 30 kwa nguvu yote unaweza kushikilia mupaka mwisho. Peke yako, tunasema vizuri. Ukiwa na wenzako, watakuvuta na utazidisha. Bila mutu wa kukusukuma, dakika 30 zinatoa karibu ile mwendo ungeshikilia saa nzima siku ya mashindano.

Tulichagua uwanja wa mizunguko ya metre 400, asubui, mbele jua halijapanda. Muoto unapandisha mapigo ya moyo bila mwendo kuongezeka. Mu mwezi wa kumi hapa kwetu, kufanya ile kazi saa sita ni kujidanganya. Alikuwa amelala siku mbili nyuma ya posti ya usiku. Akapasha mwili dakika 15 polepole, na mara tatu ine akakaza mwendo kidogo. Mu kifua tulimufunga mukanda wa kupima moyo, tukaulowesha na maji kwanza, juu ukiwa mukavu unasoma ovyo.

Ile mara ya kwanza iliharibika. Alitoka kama mutu mwenye kukimbia mvua: kilometa ya kwanza dakika 4 na segonde 10. Kilometa ya tano ilikuwa dakika 5 na segonde 25, na moyo ulikuwa umeshuka toka 178 kufika 168, juu miguu haikuweza tena kuuomba kazi. Hapo njo unajua mupimo haufai: mwendo unaanguka na mapigo yanaanguka pamoja. Hatukuandika kitu. Tukamwambia arudie nyuma ya juma moja, na mizunguko mitatu ya kwanza aone kama anachelewa.

Mara ya pili alisikia. Mizunguko mitatu ya kwanza ilikuwa dakika 1 na segonde 55 kila mumoja. Kisha akakaa ku segonde 52 na 53, na ule wa mwisho akakaza meno. Kufika dakika ya 10, alifinya kifungo cha saa, tena mbio hazikusimama. Kile kifungo kina maana kubwa: moyo unachelewa kufika ku kazi, zile dakika 10 za kwanza ungali unapanda, ukizihesabu zitashusha hesabu yako. Kwa hiyo mapigo tunayachukua mu dakika 20 za mwisho tu, wastani wao. Lakini mwendo tunauchukua mu dakika 30 zote. Watu wengi wanachanganya hapa.

Alimaliza mizunguko 16 kamili, ni metre 6,400. Dakika 30 ni segonde 1,800. Ukigawanya na kilometa 6.4 unapata segonde 281, ni kusema dakika 4 na segonde 41 kwa kilometa. Wastani wa moyo mu dakika 20 za mwisho ulikuwa 172. Basi, mupaka wake ni ule.

Sasa angalia ile "polepole" yake. Mapigo 165 juu ya 172 ni asilimia 96. Papa alikuwa anagusa mupaka kila siku ya mapumziko, na alikuwa anaita ile kujinyoosha! Mu hesabu za Friel, mbio nyepesi hazipite asilimia 89 ya mupaka. Kwake ni mapigo 153. Ili abakie chini ya pale ilimuomba kilometa moja kwa dakika 6 na segonde 15. Alikasirika, akasema watoto wa kartie watamucheka. Saa yake ilikuwa imemudanganya pia, juu ilitumia hesabu ya kutosha miaka ku 220: kwake 179 kuwa mwisho wa moyo. Mutu mwenye kushikilia 172 dakika 20, pengine mwisho wake unapita 179. Ile hesabu inaweza kukosea mapigo 10 na zaidi.

Tukamupangia: mbio zote nyepesi, isipokuwa mara moja kwa juma dakika 8 mara tatu ku mwendo wa 4 na 41, na mapumziko ya dakika 2 katikati. Nyuma ya majuma sita akarudilia mupimo palepale, saa ileile. Metre 6,560, mwendo 4 na 34. Moyo? 172 tena. Ni kawaida: mara nyingi mapigo ya ku mupaka hayabadilike sana, ni mwendo njo unaongezeka. Na muke wake hakurudia kutuuliza.

Kama huna mukanda wa kifua, jiangalie na saa yenye kusoma ku mukono peke: kuko wakati inahesabu hatua zako pahali pa moyo. Ikiruka ku 175 mu dakika ya kwanza, na hatua zako ni 175, usiiamini. Bila kipimo chochote, chukua mwendo tu. Kuhesabu na vidole nyuma ya kusimama hakufae, juu moyo unashuka mbio.

Mwendo wa Kolwezi, juu ya metre 1,400, si wa Kalemie kando ya ziwa. Kule chini utakimbia mbio zaidi na moyo uleule. Wenye kunywa dawa za tansio, zingine zinashusha mapigo, na hesabu yote inakuwa ya uongo. Wao, na mwenye maumivu ya kifua ao pumzi ya kukatika juu ya mavumbi ya mugodi, waone munganga mbele. Mwenye homa ya malaria alale.