Skuta ya Umeme Haipandi Treni ya London

Ukiingia stesheni ya treni za chini ya ardhi jijini London na baiskeli ya kawaida ya kukunja, pita tu, saa yoyote. Ukija na skuta yako ya umeme, hata ukiikunja na kuizima, utarudishwa mlangoni, na ukikaidi faini inaweza kufika pauni 1,000.

Marufuku hiyo ilianza Desemba 13, 2021. Mwezi mmodi kabla, skuta iliwaka ndani ya behewa huko Parsons Green, likajaa moshi wenye sumu. Kuizima skuta hakusaidii, kwa sababu hatari imo ndani ya betri. Seli moja ya lithiamu ikiharibika hupata moto na kuichoma jirani yake, nayo humchoma anayefuata, huku ikitoa gesi inayowaka. Ndani ya handaki, abiria akimbilie wapi?

Februari 2025 baiskeli ya umeme iliwaka moto stesheni ya Rayners Lane. Kuanzia Machi 31, baiskeli za umeme zisizokunjika zikapigwa marufuku pia, ila zinazokunjika zikaachwa. Ajabu? Kidogo. Lakini hoja yao ni kwamba za kukunja ni nadra kuchokonolewa na mafundi na kufungwa betri ya kuungaunga.

Betri yako ikivimba, ikitoa harufu ngeni au ikichemka ovyo, usiichaji tena, na usipande nayo chombo chochote cha abiria.